Dada, linaenea kitanda cha sita kwa sita?

*Wauzaji wa mashuka wa Kariakoo hushinda wakijibu maswali yale yale kwenye simu. Mistari michache chini ya picha inaweza kuwapunguzia kazi hiyo, mradi aliyeiandika awe amezisoma vizuri meseji zake.*

DAR ES SALAAM. Duka lenyewe ni nusu fremu tu, ghorofani, Kariakoo. Upande mmoja mashuka yamepangwa hadi karibu na dari, upande wa pili mpangaji mwenza anauza mapazia. Saa tatu asubuhi mwenye mashuka, mama wa makamo aliyeomba nisimtaje jina, ameshika simu mkono mmoja na futi ya fundi mkono wa pili. Bado hajauza kitu, lakini tayari amechoka.

Jana usiku aliweka picha ya seti mpya Instagram na kwenye status ya WhatsApp. Ni shuka la rangi ya udongo, lina maua meupe, limetandikwa vizuri kwenye kitanda cha mbao. Chini ya picha aliandika: "Mzigo mpya umeshuka wapendwa! Mali safi, karibuni sana." Akaweka namba ya simu, akalala.

Asubuhi amekuta meseji zinamsubiri. "Bei dada?" "Linaenea kitanda cha sita kwa sita?" "Hilo ni pamba?" "Linachuja?" "Foronya ngapi?" "Mpaka Mbeya shilingi ngapi?" "Bado lipo?" Halafu tena, kutoka kwa mtu mwingine: "Bei dada?"

Anajibu mmoja mmoja, kwa kidole kimoja. Katikati anaingia mteja wa miguu, simu inawekwa kando. Anapoishika tena, yule wa Mbeya ameshaandika: "Nimepata kwingine dada, asante."

Anayenunua kwa simu huwauliza wauzaji watatu au wanne kwa wakati mmoja, na mara nyingi humlipa aliyejibu kwanza. Kwa hiyo yule wa Mbeya hakupotea kwa sababu ya bei wala ubora. Aliuliza nauli ya mzigo, jambo ambalo mama huyu analijua kwa moyo na halijabadilika tangu mwezi uliopita, na jibu lake lingeweza kuwa tayari tangu jana usiku.

Nafasi ipo, haitumiki

Biashara ya namna hii imekua haraka kuliko adabu zake. Jumia, duka kubwa la mtandaoni lililokuwa na ukurasa wenye vipimo na maelezo kwa kila bidhaa, lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Wauzaji wadogo hawakulisubiri wala hawakulililia sana, kwa sababu walikuwa tayari Instagram na WhatsApp. Huko hakuna fomu inayomlazimisha mtu kujaza urefu na upana. Ni picha na maneno unayotaka mwenyewe.

WhatsApp Business ilitoka mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikaongezewa katalogi ambamo kila bidhaa ina sehemu ya bei na ya maelezo. Maelezo ya picha Instagram yanaweza kufika herufi 2,200, na kwenye status ya WhatsApp pia kuna nafasi ya maneno chini ya picha. Pita kurasa za wauza mashuka jioni moja utaona nafasi hiyo inavyotumika: alama za moto, mioyo mitatu, "mzigo wa moto", namba ya simu, basi.

Kinachopendekezwa na wenye uzoefu ni kitu kidogo. Baada ya sentensi moja au mbili za kuitambulisha bidhaa, muuzaji anaweka maswali matano au sita ambayo wateja humuuliza kila mara, na chini ya kila moja jibu lisilozidi mstari mmoja au miwili. Mteja anasoma, anakata shauri, na akija inboksi anakuja na oda.

Ukilisikia hivyo ni jambo la dakika kumi. Nimekaa na mama huyu akilifanya, na halikuwa la dakika kumi.

Swali lililo nyuma ya swali

Tulianza na simu yake. Badala ya kukisia wateja wanataka kujua nini, alirudi nyuma kwenye meseji na kuandika kwenye daftari kila swali kwa maneno yale yale ya mteja, kisha akaweka alama kila lilipojirudia. Hatua hii wengi huiruka. Wanaandika maswali wanayotamani kuulizwa, kama "Kwa nini mashuka yetu ni bora?", na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kutuma meseji ya namna hiyo.

Yaliyojaza alama yalikuwa bei, ukubwa, aina ya kitambaa, kuchuja, usafiri na kama mzigo bado upo. Idadi ya foronya ilifuata kwa karibu.

Ukubwa ndio uliotuchukua muda. Kwenye lebo, seti ile imeandikwa "6x6". Kwa miaka mama huyu amekuwa akijibu "ndiyo, linaenea", kisha mara moja moja anapata malalamiko kwamba shuka linachomoka usiku. Alidhani ni watu wanaolala kwa fujo.

Akalitandaza shuka kwenye kaunta, akalipima: futi 7 kwa futi 8, yaani inchi 84 kwa 96. Kitanda cha sita kwa sita ni inchi 72 kwa 72. Ukilitandika kwa upana wake wa futi 7, zinabaki inchi 12, sita kila upande. Godoro likiwa na unene wa inchi 6, shuka linaishia pale pale kwenye ukingo wa chini wa godoro, na hakuna cha kuchomekea. Godoro likiwa la inchi 8 au 10, ambayo ndiyo magodoro mengi ya kitanda kikubwa siku hizi, halifiki hata chini.

> Kitanda ni sita kwa sita, lakini kinachochomoa shuka ni unene wa godoro.

Ukiligeuza, futi 8 zikaenda upana, unapata inchi 12 kila upande. Godoro la inchi 8 linafunikwa na zinabaki inchi 4 za kuchomekea, la inchi 10 zinabaki 2. Lakini sasa kichwani na miguuni ndiko kumebaki inchi sita sita. Kwa kitanda cha tano kwa sita hesabu ni nyepesi zaidi, kwani hata kwa upana wake wa kawaida shuka lile lile linaacha inchi 12 kila upande.

Mteja aliyeuliza "linaenea kitanda cha sita kwa sita?" alikuwa anauliza jambo ambalo jibu lake halimo kwenye lebo. Anataka kujua kama shuka litakaa. Jibu la "ndiyo" ni fupi na linafurahisha, ila linarudi baada ya wiki likiwa ugomvi. Jibu lenye vipimo viwili na neno moja kuhusu unene wa godoro linammaliza hapo hapo.

Ndivyo ilivyo kwa maswali mengi ya aina hii. "Bei?" chini ya picha yenye bei iliyoandikwa wazi humkera muuzaji, akaona watu hawasomi. Wengine kweli hawasomi. Lakini wengi wameisoma bei, wanachouliza ni kama inapungua, na huo ndio mlango wao wa kuanzia mazungumzo. Ukitaka kuwajibu, andika hilo lenyewe: bei haipungui kwa seti moja, lakini ukichukua tatu unapunguziwa kiasi fulani. Na "bado lipo?" kutoka kwa mtu wa mkoani mara nyingi maana yake ni "nikituma hela leo, nitapata kweli?"

Pamba ya Kariakoo

Swali la kitambaa lilileta ukimya dukani.

Mama huyu huuza kila kitu kwa jina la pamba, kama alivyouziwa. Mpangaji mwenzake wa mapazia, kijana asiye na haya, akachomoa nyuzi mbili kwenye pindo la shuka, akaziwasha kwa kiberiti juu ya kifuniko cha soda. Uzi wa pamba tupu huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyagusa yanapukutika. Uzi wa polista hunywea, huyeyuka, ukipoa huacha kichembe kigumu cheusi. Huu wa kwetu uliwaka vizuri, lakini mwishoni ukaacha vichembe vigumu. Ni mchanganyiko.

"Sasa nikiandika ni mchanganyiko si nitawafukuza?" mama akauliza.

Baadhi atawafukuza, hilo halina ubishi. Mtu anayetaka pamba tupu kwa sababu ya joto la Dar ataondoka. Lakini mtu huyo huyo angelinunua, angelilalia siku mbili, angelihisi, na ndiye ambaye angeandika chini ya picha inayofuata kwamba duka hili ni la matapeli. Kwa upande mwingine, mchanganyiko una wateja wake: haujikunji sana, unakauka haraka, na bei yake ni ya chini. Mwenye nyumba ya wageni huupenda kwa sababu hizo hizo. Akiandika "pamba iliyochanganywa na polista, halijikunji sana, linakauka haraka", amesema kweli na bado ameuza.

Kuchuja nako kulihitaji jaribio badala ya neno. Alilowesha kitambaa cheupe, akakipaka sabuni ya unga, akasugua pembe ya shuka. Rangi ya udongo haikutoa kitu. Seti ya rangi ya damu ya mzee iliyokuwa rafu ya juu iliacha wekundu ulioonekana. Kwa hiyo jibu la "halichuji" ambalo amekuwa akilitoa kwa mashuka yote ni kweli kwa baadhi na si kweli kwa mengine, na kila moja linahitaji mstari wake.

Hapa ndipo wengine hukosea kwa kuandika maswali na majibu ya duka zima, kisha wanayanakili chini ya kila picha. Yanayohusu usafiri na malipo yanaweza kunakiliwa. Yanayohusu bidhaa hayawezi.

Wanaoficha bei wana hoja

Si kila mtu Kariakoo anakubaliana na mambo haya. Mfanyabiashara mmoja wa mashuka ya jumla, mzee ambaye wenzake humwita Mjomba, aliniambia bila kuzunguka kwamba swali ndilo linalouza.

"Mtu akiniuliza bei, nimemshika," alisema. "Namuuliza anataka la rangi gani, chumba kikoje, ana wageni? Amekuja kwa shuka, anaondoka na blanketi na pazia. Ukimwandikia kila kitu anasoma, anapita."

Hoja yake ya pili ni majirani. Mzigo wa aina moja unaweza kuwa kwenye maduka kumi ndani ya mtaa mmoja, umetoka kwa mwagizaji yule yule. Ukiweka bei yako wazi saa mbili, saa nne jirani ameshaweka yake ikiwa chini kwa sh 1,000. Na ya tatu, ambayo wengi hawaisemi kwa sauti, ni kwamba bei iliyofichwa inamruhusu muuzaji kumsoma mteja kwanza. Anayeandika kutoka Masaki na anayeandika kutoka Mbagala huenda wasitajiwe bei moja.

Sikumpuuza Mjomba. Yeye anauza jumla, wateja wake wanachukua belo na hawakwepi kupatana, na kwa biashara hiyo mazungumzo ni sehemu ya mali. Lakini ukizitazama hoja zake tatu, zote ni za kuficha bei. Hakuna hata moja inayoeleza kwa nini afiche kwamba shuka ni futi 7 kwa 8, au kwamba seti ina foronya nne. Hakuna jirani atakayekushinda kwa kujua idadi ya foronya zako.

Wanunuzi nao wana lao. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa dukani siku ile aliniambia akiona "bei njoo inboksi" anapita moja kwa moja, kwa kuwa anajua atakuta bei ya kumwangalia usoni. Aliongeza kwamba yeye hununua usiku, watoto wakishalala, saa ambayo hakuna muuzaji anayejibu. Maelezo kamili humsaidia kuamua saa tano usiku na kutuma hela asubuhi.

> "Bei njoo inboksi" humpa muuzaji mazungumzo. Humpa pia mteja sababu ya kupita.

Sheria, kwa anayeijali, iko upande wa mwalimu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe kwa mnunuzi na ampe maelezo kuhusu bidhaa na bei yake. Sijakutana na muuza mashuka anayeitaja.

Maneno yenyewe

Baada ya kupima, kuchoma na kusugua, maelezo ya shuka la udongo yalitoka hivi. Nayaweka kama yalivyoandikwa kwenye simu yake:

> Seti ya shuka 6x6, rangi ya udongo na maua meupe. Sh 38,000. Shuka 2, foronya 4.
>
> *Linaenea kitanda gani?* Kila shuka ni futi 7 kwa 8. Kitanda cha 5x6, godoro hadi inchi 10, linachomekeka vizuri pembeni. Kitanda cha 6x6, godoro likizidi inchi 6, chukua la futi 8 kwa 8 au la lastiki, niulize.
>
> *Ni pamba?* Pamba iliyochanganywa na polista. Halijikunji sana, linakauka haraka.
>
> *Linachuja?* Rangi hii tumeijaribu kwa maji na sabuni, haichuji.
>
> *Bei inapungua?* Seti moja hapana. Ukichukua tatu, kila moja sh 35,000.
>
> *Mnatuma mkoani?* Ndiyo, kwa basi, kila siku isipokuwa Jumapili. Nauli ya mzigo unalipa wewe. Dar tunatuma kwa bodaboda.
>
> *Nalipaje?* Lipa namba, jina la duka litatokea kabla hujathibitisha. Dukani pia unakaribishwa, tupo Kariakoo.

Angalia bei na idadi ya foronya zilivyowekwa. Hazimo kwenye maswali kabisa, zimepanda mstari wa kwanza. Instagram huonyesha mwanzo tu wa maelezo, mengine mpaka mtu abonyeze. Kwa hiyo jambo linaloulizwa na kila mtu halifai kukaa kwenye orodha ya maswali chini, ambako nusu ya watu hawafiki. Orodha ni ya mambo yanayoulizwa na wengi, si na wote.

Mstari wa malipo nao una siri yake. Nchi nzima imeshapokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na mteja wa mkoani anayetuma sh 38,000 kwa mtu asiyemjua ana haki ya kusita. Maneno "tunaaminika" hayamsaidii, kwa sababu tapeli naye huyaandika. Kinachomsaidia ni kitu anachoweza kukihakiki mwenyewe, yaani jina litakalotokea kwenye skrini ya simu yake kabla hajaweka namba ya siri. Na akilipa kwa lipa namba, ule mjadala wa "niongeze ya kutolea?" nao unapungua.

Kuna jambo halikuandikwa kwa makusudi: kiasi cha nauli ya kila mkoa. Mama alitaka kuorodhesha Mbeya, Mwanza, Arusha, Dodoma na kuendelea. Nauli za mizigo hubadilika, na maelezo yaliyopitwa na wakati ni mabaya kuliko kimya, maana mteja atashikilia kilichoandikwa. Alichofanya ni kuziweka kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, ambako anaandika `/mbeya` na jibu zima linatokea tayari, pamoja na jina la basi na saa ya kuondoka. Nauli ikibadilika anarekebisha sehemu moja. Vivyo hivyo kwa "bado lipo?": hakuna maelezo yanayoweza kulijibu swali hilo kwa uaminifu, ila kufuta picha ya mzigo ulioisha, kazi ambayo wengi huiahirisha mpaka ukurasa unajaa vitu visivyokuwepo.

Picha husafiri peke yake

Kuna mpaka ambao hakuna maandishi yanayouvuka. Mteja akipenda shuka, hulipiga picha ya skrini na kumtumia dada yake au kundi la kikoba. Kinachofika huko ni picha. Maelezo yamebaki Instagram. Yule dada sasa anauliza "bei?" na hana kosa lolote, hajawahi kuyaona maelezo.

Dawa ya wauzaji wenye akili ni kuandika mambo matatu juu ya picha yenyewe, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo: bei, vipimo, na kilichomo kwenye seti. Si sita. Yakizidi matatu shuka halionekani, na mtu alikuja kuangalia shuka. Majibu mengine yanaweza kuwa picha ya pili kwenye bidhaa ile ile, kwani katalogi ya WhatsApp inapokea hadi picha kumi kwa bidhaa. Picha ya futi iliyolazwa juu ya shuka inamaliza swali la ukubwa hata kwa mtu asiyependa kusoma.

Na wapo ambao wataendelea kuuliza lililoandikwa. Kijana wa mapazia alikuwa na tabia ya kuwajibu "soma maelezo bosi". Ni jibu la haki na linapoteza mauzo. Mama ana njia yake: anajibu kwa mstari mmoja, kisha anauliza yeye. "Sh 38,000 mwanangu. Godoro lako ni la inchi ngapi?" Mteja anajikuta anakwenda kulipima.

Zilizobaki inboksi

Nilirudi baada ya maelezo kukaa kwa muda. Meseji hazikuisha, na mtu akikuahidi kwamba zitaisha anakudanganya. Zilibadilika. Za bei zilipungua kwa kuonekana, za foronya zikawa nadra. Zilizoongezeka ni za aina ambayo zamani ilikuwa ikizama katikati ya "bei dada?": mwenye nyumba ya wageni Morogoro anayetaka seti nyingi za rangi moja, bibi harusi mtarajiwa anayeuliza kama kuna pazia la kuendana, mtu mwenye godoro la inchi 10 anayetaka la lastiki. Hata Mjomba angeridhika, maana haya ndiyo mazungumzo anayoyasema.

Swali moja lilikataa kupungua, la kitambaa. Watu walisoma "pamba iliyochanganywa na polista" na bado wakauliza "ni pamba?" Nilidhani hawasomi. Mama alikuwa na maelezo mazuri zaidi: kwa wateja wake pamba maana yake ni kitu kisichonata mwilini wakati wa joto, na polista hawaijui kwa jina. Akaandika upya: "Si pamba tupu. Ukilala bila feni utahisi joto zaidi kidogo kuliko kwenye pamba." Maswali yakapungua. Na kweli, wapo walioacha kununua.

Likabaki la mwisho, ambalo hakuliandika tangu mwanzo ingawa lilikuwa daftarini: "Nikikuta lina kasoro mnarudisha?" Hakuliandika kwa sababu hakuwa na jibu. Siku zote alikuwa akiamua kwa kumtazama mtu. Mteja mpole alibadilishiwa, mwenye maneno makali alikatiwa simu, na mmoja wa Tabora alirudishiwa hela baada ya kumpigia simu mchungaji wa mama. Sasa ilimbidi achague jambo moja, aliandike, na alifuate hata kwa mtu asiyempenda.

Alibishana nalo na mdogo wake, ambaye humsaidia kufunga mizigo na ambaye alitaka waandike "mali ikiuzwa hairudi" kama madukani. Mwisho mama aliandika mwenyewe, na mstari wa saba ukaingia chini ya ile sita: "Ukikuta limechanika au lina doa, nitumie picha siku unapopokea, kabla hujafua. Nakutumia lingine, nauli juu yangu. Rangi usiyoipenda hatubadilishi."

Mdogo wake alisoma, akauliza nauli ya Tabora italipwa kutoka mfuko gani.